Karatasi kwenye mkoba: kisa cha ombi la kibali cha maadili lililorudishwa

Ombi lilirudi baada ya wiki tano, likiwa na barua ya kurasa tatu. Uamuzi wenyewe ulikuwa mstari mmoja: marekebisho makubwa, liwasilishwe upya. Mwanafunzi aliingia ofisini kwangu akiwa ameikunja ile barua mara nne.

"Shikamoo madam. Wamenirudishia lote."

Nilimwitikia, nikaichukua, nikaisoma mbele yake. Kufika ukurasa wa pili nilianza kuona haya, maana chini ya andiko lile palikuwa na sahihi yangu kama msimamizi. Mengi ya yale kamati iliyoyaona ningepaswa kuyaona mimi kwanza. Nilikuwa nimesoma vizuri sura ya mbinu za utafiti na mwongozo wa maswali, lakini fomu ya ridhaa niliipitisha macho tu. Ilifanana na fomu nyingine zote nilizowahi kusaini.

Nakisimulia kisa hiki kwa idhini ya mwanafunzi. Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha yeye, hospitali, au mwanamke yeyote aliyehojiwa. Kama kuna msomaji anayedhani ameitambua hospitali, amekosea.

Mwanafunzi alikuwa muuguzi mkunga mwenye stashahada, na alikuwa amefanya kazi miaka sita katika hospitali ya wilaya kabla ya kurudi chuoni kusoma shahada. Swali lake lilitoka wodini. Mjamzito akipimwa na kukutwa na VVU huanzishiwa ARV hapo hapo kliniki ya wajawazito, na wengi hunywa vizuri hadi wanajifungua. Baada ya mtoto kuzaliwa, baadhi yao hupotea. Kwenye rejista wanaandikwa "watoro". Alitaka kukaa na wanawake 18 wa aina hiyo, waliopitisha siku 28 tangu tarehe waliyopaswa kurudi kuchukua dawa, awaulize kilichotokea. Mahojiano ya dakika arobaini na tano hivi, yarekodiwe sauti, yanukuliwe, yachambuliwe. Ni swali zuri, na halihitaji kumchoma mtu sindano wala kumpa dawa mpya. Ndiyo maana sote wawili tulidhani kibali kitakuwa chepesi.

Fomu yake ilikuwa na sentensi ambayo nadhani imo katika fomu za wanafunzi karibu wote: "Taarifa zote utakazotoa zitakuwa siri na jina lako halitajulikana kwa mtu yeyote." Kamati ilikuwa imeipigia mstari na kuandika pembeni maneno mawili tu: *Kwa vipi?*

Barua nzima, ukiisoma kwa utulivu, ilikuwa swali hilo hilo likiulizwa kutoka pande mbalimbali. Fomu ilikuwa imetoa ahadi, na ndani ya andiko hapakuwa na kazi yoyote iliyopangwa ya kuitimiza.

Siri iliyovunjwa kabla ya ridhaa

Andiko lilisema mtafiti "atapata majina na namba za simu za watoro kutoka kwenye rejista ya CTC, kisha atawapigia kuwaalika". Kwake hili lilikuwa jambo la kawaida, kwa sababu kama muuguzi wa hospitali ile alikuwa ameifungua mara nyingi rejista hiyo ya kliniki ya huduma na tiba kwa wanaoishi na VVU.

Hapa ndipo wauguzi wengi wanaofanya utafiti hujikwaa. Muuguzi anayefungua faili la mgonjwa ili ampe huduma ana haki ya kulifungua. Muuguzi yule yule, akilifungua faili lile lile ili apate mtu wa kumhoji kwa ajili ya shahada yake, kwa saa hiyo ni mtu wa nje. Mgonjwa alimpa hospitali taarifa zake apate matibabu, si apigiwe simu na mwanachuo. Kwa hiyo kufikia wakati fomu ya ridhaa inawekwa mezani, mwanamke ameshaingizwa kwenye utafiti nusu nzima bila kuulizwa: mtafiti anajua jina lake, namba yake na hali yake ya VVU.

Na simu nyumbani hazipokelewi na mwenye simu peke yake. Kamati iliuliza: akipokea mume, mtafiti atajitambulishaje?

Tulilazimika kuupanga upya mlango wa kuingilia. Wa kwanza kuongea na mwanamke awe mtu ambaye tayari ana sababu ya kuongea naye, yaani muuguzi wa CTC au WAVIU mshauri, mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake, ambaye ndiye huwafuatilia watoro hata pasipo utafiti wowote. Huyo anamwambia tu kwamba kuna utafiti unaendelea, anamuuliza kama angependa kuelezwa zaidi, na anamuuliza njia gani ya kumpata ni salama kwake. Akikubali, ndipo jina lake linamfikia mtafiti. Akikataa, mtafiti hatamjua kamwe. Kwa upande wa simu tuliandika maneno kamili yatakayosemwa. Akipokea mtu mwingine, mpigaji anaomba kuongea na mwenye simu, na akiambiwa hayupo anasema atapiga tena. Hataji hospitali, hataji utafiti, haachi ujumbe. Akiulizwa wewe nani, anataja jina lake la kwanza tu.

Njia hii inapunguza idadi. Wale waliopotea kabisa, wasiofikiwa hata na WAVIU mshauri, hawataingia, na huenda hao ndio wenye sababu nzito kuliko wote. Tuliliandika hilo wazi kwenye mipaka ya utafiti. Mwanafunzi alilalamika kidogo, nami nilimwelewa, lakini hatukuona njia nyingine isiyopita juu ya mtu.

Karatasi yenyewe

Kamati za maadili huwa na wajumbe wasio watafiti, na watu wa fani huwadharau kimya kimya. Katika kamati hii mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu. Baadaye niliambiwa kwamba hoja kubwa kuliko zote katika barua ile ilikuwa yake, na iliandikwa karibu kama alivyoisema: mshiriki anapewa nakala ya fomu aende nayo nyumbani, akiikunja akaiweka kwenye mkoba, na mumewe akaiona, itakuwaje?

Juu ya fomu, kwa herufi nene, tulikuwa tumeweka kichwa cha utafiti: sababu za wanawake wanaoishi na VVU kuacha dawa baada ya kujifungua. Chini yake kuna nafasi ya jina kamili, sahihi na tarehe. Fomu iliyowekwa imlinde ndiyo ingekuwa karatasi pekee nyumbani kwake yenye jina lake na hali yake kwenye ukurasa mmoja. Hata kadi ya CTC wanawake wengi huificha au huiacha kwa jirani wanayemwamini. Sisi tulikuwa tunamwongezea kitu kingine cha kuficha.

Tukafikiria kuondoa sahihi kabisa. Miongozo ya kimataifa ya CIOMS ya maadili ya utafiti wa afya, ya mwaka 2016, inairuhusu kamati kusamehe fomu iliyosainiwa pale ambapo kuwepo kwa fomu hiyo kunahatarisha siri ya mshiriki kuliko inavyostahili. Ridhaa inabaki pale pale, kinachosamehewa ni karatasi ya kuithibitisha. Mtafiti anasoma maelezo, mshiriki anakubali kwa mdomo, mtafiti anasaini kwamba amesoma na amekubaliwa.

Lakini kwetu Tanzania kuna upande wa pili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na kwa kawaida inataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata. Kamati nyingi kwa hiyo husita kusamehe sahihi, na mwanafunzi anayeomba msamaha huo bila kueleza kwa undani hujichelewesha mwenyewe. Sikutaka apoteze miezi mingine miwili kwenye mabishano ya kisheria.

Tulichofanya ni kuigawa fomu vipande viwili. Cha kwanza ni karatasi ya maelezo: kurasa mbili, zinaeleza kila kitu waziwazi, VVU imetajwa, dawa zimetajwa, maswali yatakayoulizwa yametajwa. Hii inasomwa kwa sauti katika chumba kilichofungwa na inabaki hospitalini. Cha pili ni karatasi ya sahihi, nusu ukurasa tu. Inasema: "Nimesomewa na nimeelewa karatasi ya maelezo, toleo la 3, ya utafiti wa afya ya mama baada ya kujifungua. Nakubali kushiriki kwa hiari yangu." Hakuna neno VVU, hakuna CTC, hakuna dawa. Namba ya toleo na tarehe yake ndivyo vinavyofunga vipande hivyo viwili pamoja, ili mkaguzi akija aone mwanamke huyu alikubali nini hasa. Ukikosea toleo, umepoteza ushahidi wa ridhaa, kwa hiyo kila kipande kilikuwa na toleo na tarehe chini ya kila ukurasa.

Haki ya mshiriki kupata nakala haikuondolewa. Anaulizwa: ungependa kwenda na nakala? Akisema hapana, anapewa kikadi kidogo chenye namba mbili za simu, ya mtafiti na ya katibu wa kamati, na maneno "utafiti wa afya ya mama". Kati ya wanawake wote waliohojiwa baadaye, mmoja tu alichukua karatasi ya maelezo. Alisema anaishi peke yake.

Lilibaki suala la wasiojua kusoma. Desturi ni dole gumba na shahidi asiyehusika na utafiti. Tulikuwa tumeandika hivyo hivyo, na kamati ikauliza swali ambalo lilitunyamazisha: shahidi huyo atasikia kwamba mama huyu ana VVU, naye ameridhiwa na nani? Jibu letu lilikuwa kwamba shahidi anachaguliwa na mshiriki mwenyewe, miongoni mwa watu ambao tayari wanaijua hali yake, awe dada, rafiki au WAVIU mshauri. Anakaa wakati wa kusomwa maelezo na kuweka dole tu, kisha anatoka kabla ya swali la kwanza. Asiyekuwa na mtu wa namna hiyo hashiriki. Ni hasara, lakini ni wachache.

Kiswahili cha fomu

Fomu ya kwanza ilikuwa imetafsiriwa kutoka ya Kiingereza, na ilijionyesha. "Ushiriki wako ni wa hiari na unaweza kujiondoa wakati wowote pasipo kuathiri stahiki zako za kitabibu." Nilimwambia mwanafunzi amsomee sentensi hiyo mfagizi wa ofisini kwetu. Mama yule alisikiliza kwa adabu, akauliza, "Stahiki ndiyo nini, mwanangu?"

Tuliandika upya: "Si lazima ukubali. Ukikataa leo, au ukikubali halafu ukabadili mawazo katikati, dawa zako utapata kama kawaida na hakuna atakayekukasirikia. Hatutaandika kwenye faili lako kwamba ulikataa." Sentensi ya mwisho ndiyo iliyokuwa na uzito, kwa sababu wanawake hawa wanalijua faili. Wanajua kila kosa lao limeandikwa humo.

Neno "mtoro" tulilitoa katika karatasi zote anazosikia mshiriki. Kwenye rejista lipo na litaendelea kuwepo, lakini huwezi kumwomba mtu akueleze ukweli wake huku umeshamwita mtoro.

Mwisho wa maelezo tuliongeza kipimo cha kuelewa. Badala ya "umeelewa?", ambalo kila mtu hulijibu ndiyo, mtafiti anauliza maswali matatu: niambie kwa maneno yako utafiti huu unahusu nini, ukikataa, dawa zako itakuwaje, na nani atasikia sauti yako tukirekodi? Asiyeweza kujibu anasomewa tena sehemu hiyo. Akishindwa mara ya pili, hasaini. Kamati ililipenda hili, na kwa kweli ndilo lililokuja kutupa kazi zaidi uwanjani, kwa sababu swali la pili lilikuwa likikosewa mara kwa mara. Wanawake kadhaa walijibu kwamba wakikataa wataambiwa waje na mume. Sijui walilitoa wapi, pengine kwa namna kliniki ya wajawazito inavyowahimiza waje na wenza wao, lakini bila swali lile tungewasainisha wakiwa na hofu hiyo.

Sare nyeupe

Hospitali ile ndiyo iliyokuwa kituo chake cha kazi. Alikuwa amewazalisha baadhi ya wanawake hao. Aliona hiyo ni faida: wananiamini, watafunguka. Kamati iliona kinyume, nami baada ya kufikiri nikakubaliana nayo. Mwanamke aliyeacha dawa anapoulizwa na muuguzi aliyemzalisha kama yuko tayari kushiriki, anasikia swali jingine kabisa. Anasikia: uko tayari kunikatalia mimi?

Basi mambo matatu yalibadilika. Hatamhoji yeyote aliyemhudumia mwenyewe. Hatavaa sare siku za mahojiano, na siku hizo hatakuwa kwenye zamu. Na mahojiano hayatafanyika kwenye jengo la CTC, ambalo ukionekana umekaa benchi lake mtaa mzima unajua, bali katika chumba cha elimu ya afya upande wa kliniki ya watoto, ambako mama yeyote ana sababu ya kuwepo. Nauli ilibaki shilingi elfu tano kwa kila mmoja. Kamati iliuliza tu kwa nini tuliiita "motisha". Tukaiita nauli, tukaeleza kwamba inatolewa hata kwa anayekatisha mahojiano katikati.

Namba ambayo si siri

Mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba badala ya majina atatumia namba ya CTC ya kila mshiriki. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona sawa. Namba ile ina tarakimu 14. Mbili za mwanzo ni mkoa, mbili zinazofuata wilaya, nne kituo, sita za mwisho ni mgonjwa mwenyewe. Mtu yeyote mwenye kuingia kwenye mfumo wa kliniki akiiandika anapata jina, kijiji na vipimo vyote. Ni jina jingine tu, na lina anwani ndani yake.

Namba za utafiti zikawa M01 hadi M18, kwa mpangilio wa kufika. Orodha inayounganisha M07 na mtu halisi ilikuwa moja tu, ya karatasi, ndani ya kabati la chuo linalofungwa, mbali na kompyuta yenye mahojiano. Karatasi za sahihi, ambazo zina majina, ziliwekwa kwenye kabati jingine. Orodha ilipangwa kuharibiwa mara tu unukuzi ukikamilika, kwa sababu baada ya hapo hakuna tena sababu ya kumtafuta mtu. Hapo kamati ilitukamata kwa uzembe wa kawaida: fomu ilisema sauti zitafutwa baada ya unukuzi, andiko lilisema zitatunzwa miaka mitano. Mshiriki anaahidiwa moja, mtafiti anapanga jingine. Ukitaka kujua kama ombi limesomwa na mwenyewe kabla ya kutumwa, tafuta muda wa kutunza data katika kila sehemu ulipotajwa uone kama zinafanana.

Kurekodi kwenyewe alikuwa amepanga kutumia simu yake. Nilimwomba anionyeshe mipangilio ya simu hiyo. Kila kilichorekodiwa kilikuwa kinanakiliwa chenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na akaunti ile mdogo wake alikuwa akiitumia pia kwenye kishikwambi nyumbani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tuliazima kinasa sauti cha idara, kisicho na intaneti. Jioni ya siku ile ile sauti inahamishiwa kwenye kompyuta, kwenye folda iliyofungwa kwa nywila, kisha inafutwa kwenye kinasa.

Lakini jambo gumu zaidi la usiri halikuhusu kabati wala nywila. Lilihusu ripoti ya mwisho. Katika mji mdogo jina si lazima lionekane ili mtu ajulikane. Mfano aliouweka kwenye andiko kuonyesha namna atakavyonukuu ulisema: "mama wa miaka 34, mwenye mapacha, mke wa mchungaji". Alikuwa ameutunga tu, lakini nilimuuliza kuna wake wangapi wa wachungaji wenye mapacha katika wilaya ile. Akacheka, kisha akanyamaza. Nukuu zilibaki na namba na kundi la umri tu: miaka 18 hadi 24, 25 hadi 34, 35 na kuendelea. Kazi, idadi ya watoto na kijiji vilitolewa, na hospitali ikaitwa hospitali ya wilaya bila kutaja mkoa. Baadhi ya nukuu nzuri kuliko zote hazikutumika, kwa sababu utamu wake ulitoka katika kitu kile kile ambacho kingemtaja mwenyewe.

Umri, na siri yenye mpaka

Alikuwa ameandika umri wa miaka 15 hadi 49, kwa kuwa ndio umri wa uzazi unaotumika kwenye takwimu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kujiridhia kupima VVU hadi miaka 15, na yeye alihesabu kwamba anayeweza kuridhia kipimo anaweza kuridhia mahojiano. Hivyo ni vitu viwili. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu chini ya miaka 18 ni mtoto, na utafiti juu yake kwa kawaida unahitaji ruhusa ya mzazi pamoja na kukubali kwake mwenyewe. Ukimfuata mzazi umemfichulia hali ya binti. Ziko njia za kuomba kamati isamehe ruhusa ya mzazi, lakini zinahitaji maandalizi makubwa kuliko utafiti wa shahada ya kwanza. Tukapandisha umri hadi 18, tukaandika kwamba matokeo hayawasemei mabinti wadogo.

Hoja ya mwisho ndiyo iliyonikosesha usingizi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtu aliyejijua ana VVU amjulishe mwenzi wake. Na tulijua, kabla hata ya kuanza, kwamba sababu kubwa ya wanawake hawa kuacha dawa ingekuwa ni kwamba mume hajui. Maana yake tulikuwa tunajiandaa kurekodi sauti za wanawake wakisema jambo linaloweza kutumika dhidi yao. Sasa "zitakuwa siri" ina maana gani, kama siku moja askari anakuja na amri ya mahakama?

Muuguzi hana uwezo wa kumwahidi mtu kwamba mahakama haitaingia. Anachoweza ni kutokuwa na kitu cha kukabidhi. Ndiyo sababu orodha ya majina iliharibiwa mapema, na ndiyo sababu mshiriki aliombwa tangu mwanzo asitaje jina la mtu yeyote kwenye rekodi, na likitajwa linarukwa kwenye unukuzi. Kwenye karatasi ya maelezo ahadi ya zamani ilifutwa, tukaandika hii: "Tutayatunza uliyosema ili watu wasijue ni wewe. Hatutamwambia mumeo, ndugu zako wala wauguzi wa kliniki. Lakini ukituambia kwamba unataka kujiua, au kwamba mtoto anaumizwa, hatutanyamaza; tutazungumza na wewe kwanza, halafu tutamtafuta mtu wa kukusaidia." Jina na simu ya afisa ustawi wa jamii wa hospitali vilikuwa kwenye andiko, pamoja na barua yake ya kukubali. Kamati haikubali tena "atapewa rufaa" bila kusema rufaa kwa nani.

Mara ya pili

Barua ya majibu tuliiandika kama jedwali: hoja ya kamati, jibu letu, ukurasa ulipobadilishwa. Hoja mbili tulizikataa kwa adabu na kwa sababu. Wanafunzi wengi hudhani ni lazima ukubali kila kitu, na kamati yenyewe huwa inashuku jibu la "tumerekebisha" mara kumi na tisa mfululizo. Moja ilikuwa kwamba tuwape washiriki wasome nukuu zao kabla ya ripoti. Kwa watu hawa hiyo ingekuwa safari nyingine, simu nyingine na karatasi nyingine nyumbani.

Kibali kilitoka baada ya wiki tatu, cha mwaka mmoja, kwa toleo la 3 la fomu na si jingine. Kikafuatiwa na safari za barua ambazo hazina la kusimulia sana: ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ya mkoa kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ya halmashauri kwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na mwisho kwa Mganga Mfawidhi. Kibali cha maadili hakikufungulii mlango wa hospitali, na barua za utawala haziwezi kukaa mahali pa kibali. Chuo chetu kina kamati yake. Wasio nayo hupeleka maombi kwa kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.

Wiki ya pili ya mahojiano mwanamke mmoja alifika na mama mkwe wake. Mama mkwe alisimama mlangoni akauliza, "Huu ni utafiti wa nini, mwanangu?" Mwanafunzi alimwamkia, akamwambia ni utafiti wa afya ya mama baada ya kujifungua na kwamba mazungumzo ni ya mtu mmoja mmoja, akamwelekeza benchi la kliniki ya watoto. Bibi yule akakaa na mjukuu. Ndani, mwanamke aliombwa aamue kama bado anataka kuendelea siku hiyo au aje siku nyingine peke yake. Alisema siku nyingine. Akapewa nauli yake, wakaondoka, na kwenye daftari la uwanjani hakuandikwa jina, ila tarehe na neno "ameahirisha".

Alirudi Jumanne iliyofuata, peke yake, akiwa na kikadi chake ndani ya kasha la simu.